Choo cheusi, ulimi mweusi na ile dawa ya pinki ya tumbo

*"Dada mfamasia, habari za kazi. Mimi ni mpagazi wa mlimani, nipo Moshi. Mgeni wetu Mmarekani alipomaliza safari aliniachia chupa ya dawa ya pinki ya tumbo, Pepto-Bismol. Tumbo lilikuwa linaniunguza na ninaharisha, nikainywa siku tatu. Jana choo kimetoka cheusi kama mkaa, na leo asubuhi mke wangu ananiambia hata ulimi ni mweusi. Magoti yananisumbua nikishuka mlima, kwa hiyo natumia na diklofenaki. Je, natokwa damu ndani? Na mtoto wangu wa miaka saba tumbo linamuuma tangu jana, nimpe hiyo hiyo?"*

Mtoto usimpe. Nimeanza na hilo kwa sababu halisubiri, na sababu yake nitaieleza mbele kidogo. Wewe mwenyewe, kaka, acha leo hiyo pinki pamoja na diklofenaki, vyote viwili. Ulimi mweusi usikunyime usingizi. Choo cheusi, kwa jinsi ulivyokisimulia, kuna uwezekano mkubwa ni cha dawa, ila kwa mtu anayemeza diklofenaki siwezi kusema "usijali" nikaishia hapo.

Ndani ya chupa ile mna madini yanayoitwa bismuthi, yakiwa yameshikana na salisileti, ambayo ni ndugu wa aspirini. Jina la dawa ni bismuthi sabsalisileti. Ikifika tumboni, asidi inavitenganisha viwili hivyo na kila kimoja kinashika njia yake. Salisileti karibu yote inanyonywa na kuingia kwenye damu. Bismuthi haiendi huko: zaidi ya asilimia 99 yake inabaki ndani ya mfereji wa chakula, inateremka na utumbo mpaka inatoka na choo. Ikiwa njiani inakutana na salfa. Bakteria wa utumbo mpana wanatengeneza gesi yenye salfa, ile inayonuka kama yai viza, na bismuthi ikiigusa inageuka kuwa bismuthi salfaidi, Bi2S3, kitu cheusi kama masizi ambacho hakiyeyuki kwenye maji.

Kama mkeo ana pete au hereni za fedha, muulize kwa nini zinaingia weusi zikikaa muda mrefu. Ni jambo lile lile: madini yamekutana na salfa. Hakuna kilichoungua wala kuoza, na hakuna damu hapo.

Ulimini ni hivyo hivyo, kwa kiasi kidogo. Mate yana salfa kidogo, na nyuma ya ulimi kuna bakteria wengi wanaoitengeneza. Uso wa ulimi una vinyweleo vidogo mno, na dawa nzito kama ile inakwama katikati yake. Ndiyo maana weusi huwa mwingi nyuma na katikati, na ncha ya ulimi inabaki na rangi yake. Wanaotafuna vidonge vyake au kunywa ya maji usiku na kulala bila kusukutua huamka na ulimi mweusi zaidi. Piga mswaki meno pamoja na ulimi, taratibu, asubuhi na jioni, na usukutue kwa maji. Siku chache baada ya kuacha dawa utakuwa umerudi kawaida. Usiukwangue kwa nguvu. Utajitia vidonda bure.

Bismuthi ikishaikamata salfa, inapunguza pia ile gesi inayonuka. Kwa hiyo mtu aliye kwenye dawa hii huweza kuona choo kimekuwa cheusi mno huku harufu yake, na hata ya ushuzi, ikiwa imepungua. Watu hucheka nikiwauliza habari za harufu pale dirishani, lakini swali hilo lina kazi.

Damu nayo inakuwa nyeusi, kwa njia nyingine. Kidonda cha tumbo kikivuja, damu inapita kwenye asidi na vimeng'enya, kisha bakteria wanaimalizia, na wekundu wake unaishia njiani. Haihitajiki damu nyingi: kama mililita 50 hadi 100 tu, yaani kikombe kimoja au viwili vya kahawa chungu ya barazani, zinatosha kukigeuza choo kuwa cheusi. Ila choo cha damu kina tabia zake. Kinang'aa kama lami mbichi, ni laini na kinanata. Kwenye choo cha kuchuchumaa ndoo moja ya maji haikiondoi. Na kinanuka vibaya, harufu nzito ambayo si ya choo ya kila siku. Aliyewahi kuinusa haisahau. Choo cha bismuthi kinakuwa cheusi kilichofifia, mara nyingine kina ukijivu au ukijani, kinafanana na mkaa uliolowa, na kama huharishi kinatoka na umbo lake la kawaida. Kikimwagiwa maji kinaondoka kama choo kingine chochote.

Wewe umesema "kama mkaa", na kimeanza baada ya dawa, hakikuwepo kabla yake. Hayo mawili yananitia moyo. Lakini unaharisha, na choo cha kuharisha hakina umbo la kukusaidia kuamua, kwa hiyo angalia kunata, kung'aa na harufu. Jiulize pia umekula nini. Kama mwishoni mwa wiki palichinjwa mbuzi na ukanywa kisusio, ile ni damu, na choo cha kesho yake kinaweza kuwa cheusi bila wewe kuwa na kidonda chochote. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, navyo hufanya choo kuwa cheusi au kijani kizito.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua. Dawa hii haileti tu weusi, inaleta na kisingizio. Mtu akishaambiwa "ni dawa tu", anaacha kuangalia, na damu ikianza kuvuja kweli inapita mbele ya macho yake ikiwa imevaa nguo ile ile.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa Pasua alipewa dawa za siku 14 za kuua bakteria wa vidonda vya tumbo, helikobakta pailori, na ndani yake mlikuwa na vidonge vya bismuthi. Mimi ndiye niliyempa maelekezo. Nilimwambia: "Babu, choo kitakuwa cheusi, usishtuke." Basi hakushtuka. Siku ya sita baada ya kumaliza dozi alikuja kununua vidonge vya kuongeza damu. Alisema nguvu zimemwishia, akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Nikamuuliza choo kikoje. "Bado cheusi, si ulisema ni dawa?" Nilipozidi kumdadisi nikagundua kwamba kiuno kilikuwa kinamuuma na alikuwa akinunua diklofenaki duka jingine, kila siku. Nilitazama ndani ya kope zake za chini, zilikuwa nyeupe kama karatasi. Hospitalini damu ilisoma 6.9, wakati kwa mwanaume tunategemea 13 na kuendelea, na kipimo cha kamera ya tumbo kikaonyesha kidonda kinachovuja. Aliongezewa damu akapona. Kama ningemuuzia vile vidonge vya chuma alivyotaka, navyo vingemweka choo cheusi, tungepoteza hata ile alama moja iliyobaki.

Tangu siku hiyo maelekezo yangu yana nusu ya pili. Choo kitakuwa cheusi ukiwa kwenye dawa, na ukishaacha kinatakiwa kuanza kurudi rangi yake ndani ya siku mbili hadi tatu. Mwenye choo kigumu kinachochelewa kutoka anaweza kuongeza siku moja mbili. Zaidi ya hapo sihesabu tena kuwa ni bismuthi, namtuma akapimwe.

Turudi kwako na chupa yako, tupige hesabu. Ile ya kawaida ina miligramu 525 za bismuthi sabsalisileti katika kipimo kimoja cha mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa vya mezani. Mtu mzima haruhusiwi kuzidi vipimo vinane kwa saa 24, na kama kuharisha kumepita siku mbili anatakiwa kuacha na kutafuta ushauri. Wewe umefika siku tatu. Salisileti iliyomo katika kipimo kimoja inakaribiana na ile ya kidonge kimoja cha aspirini cha miligramu 300. Kwa hiyo aliyemaliza vipimo vinane kwa siku ni kama aliyemeza aspirini nane bila kujua kwamba amemeza hata moja. Na wapagazi wengi mnaipiga tarumbeta, hamna habari na kile kikombe cha kupimia kilichokaa juu ya mfuniko. Ipo pia chupa ya aina nyingine, yenye neno Ultra kwenye lebo, ambayo ni kali maradufu: miligramu zile zile 525 zimo katika mililita 15 tu. Angalia ya kwako ni ipi.

Masikio yakianza kuvuma au kupiga mluzi, hiyo ni salisileti imezidi mwilini. Acha hapo hapo, hata kama hujafikisha vipimo vinane.

Salisileti hii haiziumizi kuta za tumbo kama aspirini yenyewe, lakini juu yake wewe unaongeza diklofenaki, na diklofenaki inaziumiza kweli. Inazuia mwili usitengeneze ule ute na kinga inayolifunika tumbo dhidi ya asidi yake lenyewe. Na tumbo lako ulisema lilikuwa "linaunguza" kabla hata ya kufungua chupa. Kwa maoni yangu huo muunguzo huenda umeletwa na dawa ya magoti, kisha ukaenda kuutibu kwa dawa yenye undugu na aspirini, ambayo pia imekufunika macho usione kama unavuja. Ndiyo sababu nimekuambia uache zote. Kwa magoti tumia parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500, usizidi vidonge vinane kwa siku, na mlimani shuka na fimbo mbili. Mbege na bia vipumzishe wiki hii.

Kuhusu mtoto. Salisileti ndiyo inayomkataza. Kuna ugonjwa unaoitwa Reye, ni wa nadra lakini ni mbaya sana: mtoto aliyekuwa anapona mafua makali au tetekuwanga anaanza kutapika mfululizo, anakuwa mkali au anachanganyikiwa, kisha analegea na kupoteza fahamu, kwa sababu ini limejeruhiwa na ubongo umevimba. Aspirini na jamaa zake zimehusishwa na ugonjwa huo, na ndiyo maana tuliacha kuwapa watoto aspirini kwa homa. Chupa yako ni ya watu wazima na wa kuanzia miaka 12, na hata mwenye miaka 15 asiipate kama ametoka kwenye mafua au tetekuwanga. Wazazi wengi hudanganyika kwa rangi na ladha, wakidhani ni sharubati ya watoto.

Mwanao kama anaharisha, mpe maji ya ORS, pakiti moja ndani ya lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo kila anapotoka chooni, na uombe zinki ya siku 10 hadi 14. Kama haharishi, ni maumivu tu, usimpe dawa ya tumbo yoyote kabla hajaonwa. Maumivu yaliyohamia upande wa kulia chini ya kitovu, tumbo gumu kama ubao, kutapika kusikokoma au damu kwenye choo: hayo ni ya kwenda hospitali sasa hivi.

Wenzako mlimani nao wataiomba chupa hiyo, nawajua, kwa hiyo ujue wa kumnyima. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa kifua kwa aspirini asiiguse. Aliye kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini, vilevile, kwa sababu salisileti inaongeza hatari ya kutokwa damu. Mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja, au ambaye choo chake kilikuwa cheusi kabla ya kuinywa, yeye anahitaji kamera ya tumbo, hahitaji chupa. Mama mjamzito aiache, hasa miezi mitatu ya mwisho, na anayenyonyesha aulize kwanza. Anayetumia dawa za kisukari au za gauti naye aulize kwanza. Na anayemeza doksisaiklini asizichanganye kwa wakati mmoja: bismuthi inaing'ang'ania doksisaiklini tumboni na nyingi inatoka bila kuingia kwenye damu. Wageni wengi wanaimeza hiyo kuzuia malaria, kwa hiyo mgeni wako naye huenda alikuwa anajipunguzia kinga bila kujua.

Mwenye figo mbovu namweka peke yake, kwa sababu hapa tatizo ni bismuthi yenyewe. Ile kidogo inayoingia kwenye damu hutolewa na figo. Figo zikishindwa, inajikusanya. Miaka ya 1970 Ufaransa na Australia walipata wagonjwa wengi waliokuwa wakitumia bismuthi za aina nyingine, kwa miezi na miaka, wengine kwa sababu ya choo kigumu tu. Walianza kusahau na kuchanganyikiwa, wakatetemeka na kushtuka misuli, wakashindwa kutembea sawasawa. Wengi walirudi kawaida baada ya kuacha, ingawa iliwachukua wiki kadhaa. Kwa mtu mwenye figo nzima anayekunywa siku mbili, hilo halimhusu. Linamhusu anayeigeuza kuwa soda yake ya kila siku.

Kuna pia bismuthi ya vidonge ambayo ndiyo hutumika zaidi kwa wagonjwa wa vidonda, bismuthi sabsitireti, miligramu 120, mara nne kwa siku, kabla ya chakula. De-Nol ni mojawapo. Hiyo haina salisileti, kwa hiyo habari za aspirini na ugonjwa wa Reye hazimo. Lakini weusi wa choo na ulimi upo vilevile, na katazo la figo lipo palepale. Mtu akikuambia anatumia bismuthi, muulize ni ipi.

Kwa siku zinazokuja fanya hivi. Leo ni siku ya kwanza bila dawa. Angalia choo kila unapokwenda, kwa mwanga mzuri. Kuharisha kukiendelea, kunywa ORS. Ikifika siku ya nne na bado ni cheusi, nenda ukapimwe wingi wa damu na choo, na ukiwa huko mwambie daktari ulikunywa bismuthi, lini na kiasi gani, kwa sababu inaonekana hata kwenye picha ya eksirei ya tumbo na inaweza kumchanganya. Usisubiri siku ya nne kama choo kimeanza kunata na kunuka kama nilivyoeleza, ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, ukisimama ukaona giza, ukitoka jasho la baridi, au moyo ukienda zaidi ya mapigo 100 kwa dakika ukiwa umekaa umetulia. Hapo nenda usiku huo huo kwenye hospitali yenye kamera ya tumbo, kama KCMC, na usiende peke yako kwa bodaboda.

Na kama una safari wiki hii, usipande kabla choo hakijarudi rangi yake. Ukiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, kila mtu moyo unamwenda mbio na kichwa kinazunguka, na kiongozi wako atasema ni mwinuko. Atakuwa sahihi kwa watu wengi, ila kama ni wewe unayevuja, hakuna atakayejua mpaka uanguke.

Chupa niletee dukani. Nataka kuona kama ina neno Ultra, tarehe ya mwisho wa matumizi, na imebaki kiasi gani, tujue ulikunywa vipimo vingapi.